Mwaliko ndio unaoanzisha mchezo

Ukihudhuria kicheni pati kadhaa kati ya Ruiru na Thika utaona mambo mawili yakijirudia. La kwanza ni zawadi. Zinafunguliwa, na bibi harusi anajikuta na chupa nne za chai na hotipoti sita zinazofanana, wala hana chujio hata moja. La pili ni michezo. Binti anayeongoza shughuli anasimama na kumwuliza bibi harusi walibusiana lini mara ya kwanza, huku shosho yuko kiti cha mbele akijifanya amesinzia, na mama wa bwana harusi ghafla ameanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Wenyeji wakirudi nyumbani husema mambo yaliharibika siku ile. Ukweli ni kwamba yaliharibika wiki tatu kabla, pale mwaliko ulipotumwa ukitaja siku, mahali na namba ya kutuma pesa, basi. Mgeni hakuambiwa aje na chombo gani, atakaa na nani, wala ataulizwa nini. Aliyeachwa akisie, hukisia hotipoti.

Kwa hiyo ushauri wangu unageuza mpangilio uliozoeleka: chagua michezo kwanza, kisha uandike mwaliko. Mwaliko ukimwagiza kila mama kitu kimoja cha kuleta na jambo moja la kuja akilikumbuka, michezo itakuwa imeanza kabla ya mtu kupanda matatu. Hapa chini nimeyaandika maneno yenyewe, pamoja na michezo mitatu, miwili kati yake ikiyategemea. Nimechukua mfano wa wageni 28. Bibi harusi nimemwita Wairimu, jina la mfano tu, anayeishi Ruiru. Shughuli inafanyika nyumbani kwa tata yake huko Ngoingwa, Thika.

Jua kwanza ni nani watakaokaa pamoja

Sherehe ya marafiki wa kazini na sherehe ya kina mama wa ukoo ni vitu viwili. Marafiki wanaweza kwenda Kamakis, wakala nyama choma, wakacheka watakavyo mpaka usiku. Ukiwaita tata, shosho, dada za baba na kina mama wa upande wa bwana harusi, umeita vizazi vitatu na familia mbili ambazo bado zinajuana kwa adabu. Wengine watakuwa kina mama wa PCEA, wa ACK au wa Kanisa Katoliki, watakaotarajia maombi mwanzoni na mawaidha mwishoni. Usijaribu kuzibana sherehe hizi mbili katika alasiri moja. Wasichana wakitaka michezo ya chumbani, wapange usiku wao, na katika mwaliko wa ukoo msiutaje.

Kabla ya kuandika chochote, gawa orodha yako mara tatu: wa upande wa bibi harusi, wa upande wa bwana harusi, na majirani au kina mama wa chama. Katika mfano wetu ni 14, 8 na 6. Hesabu hiyo itakuonyesha mchezo unaofaa. Kama upande wa bwana harusi watakuja wanane, kazi kubwa ya siku hiyo ni kumfanya Wairimu awajue hao wanane kwa majina na kwa uhusiano. Mchezo usiosaidia hilo ni wa kupitisha muda.

Angalia pia mmefika wapi katika mambo ya ndoa. Kwa familia za Wakikuyu, ni salama zaidi mwaliko utoke baada ya ruracio kuanza, maana kuita kina mama wa upande ule kabla wazee hawajazungumza huzua minong'ono. Halafu uliza kama kutakuwa na itara, ile siku ambayo kina mama hupeleka vyombo katika nyumba mpya. Ikiwa itakuwepo, viachie huko vitu vikubwa kama meko ya gesi na seti za sufuria, na hapa uombe vyombo vidogo vya mkononi. La sivyo watu walewale wataombwa mara mbili, na mara ya pili watakuja mikono mitupu au hawatakuja.

Maneno ya mwaliko

Mwaliko mmoja hautoshi kwa watu wote. Mama wa bwana harusi hapelekewi ujumbe wa kikundi, na binamu wa miaka 22 hatasoma kadi ya aya nne. Andika matoleo matatu yenye habari ileile.

La kwanza ni la wakubwa. Hili linatanguliwa na simu. Apige tata au mama mdogo wa bibi harusi, si bibi harusi mwenyewe, na ampigie mama wa bwana harusi kabla ya mtu mwingine yeyote upande ule. Amwulize ni kina mama gani angependa waje naye, kisha majina hayo ndiyo yatakayoandikiwa kadi. Ukimruka ukaalika dada zake moja kwa moja, hata kwa nia njema, umempangia watu wake. Kadi yenyewe iwe hivi:

"Mama yetu mpendwa,
Sisi dada na shangazi za Wairimu tunakualika kwa heshima nyumbani Ngoingwa, Thika, Jumamosi tarehe 12 Septemba, kuanzia saa nane mchana (14:00), tumwandae binti yetu kwa jiko lake. Tutaanza kwa maombi, tutakula pamoja, tutacheza kidogo, kisha tutawasikiliza wazazi. Tutamaliza saa kumi na mbili kasorobo, ili kila mtu afike nyumbani mapema.
Tunakuomba uje na chombo kimoja kidogo cha kona ya CHAI, kikiwa kimefungwa kwa leso au kitambaa, bila jina. Tunakuomba pia uje ukikumbuka jina lako lilitoka kwa nani, na jambo moja kuhusu mtu huyo.
Tafadhali tujulishe kufikia Jumapili tarehe 30 Agosti."

Tazama kilichomo; kona nitazieleza kwenye michezo. Saa imeandikwa kwa maneno na pia kwa tarakimu za saa 24, kwa sababu "saa 2" kwa mmoja ni asubuhi na kwa mwingine, aliyezoea kusoma saa ya simu, ni mchana. Mwisho wa sherehe umetajwa, jambo ambalo mama anayerudi Ruiru au Nairobi analihitaji kuliko hata saa ya kuanza, maana magari jioni ya Jumamosi huwa yamejaa. Kuna ahadi ya mambo yatakayofanyika, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Na kuna maagizo mawili, chombo na jina, ambayo ndiyo michezo yenyewe.

Toleo la pili ni la kikundi cha WhatsApp, kwa binamu, dada na marafiki wa ukoo. Hapa lugha inalegea, lakini habari haipungui:

"Wasichana, Wairimu anapewa jiko! Jumamosi 12 Septemba, saa nane mchana (14:00), kwa tata Ngoingwa. Kona yako ya zawadi iko kwenye orodha hapa chini; chagua chombo, andika jina lako mbele yake, na usichague kilichokwisha chukuliwa. Kifunge kwa leso, usiandike jina. Njoo pia ukikumbuka jina lako lilitoka kwa nani, na jambo moja kuhusu mtu huyo. Tutamaliza saa kumi na mbili kasorobo. Mavazi: leso kiunoni, rangi yoyote. Mashosho na kina mama wa upande wa pili watakuwepo, kwa hiyo utani uwe wa kusikika mbele yao. Watoto wabaki nyumbani, isipokuwa wanaonyonya. Jibu 'nakuja' au 'sitakuja' kufikia Jumapili tarehe 30 Agosti."

Ile sentensi ya utani usiifute ukidhani inaharibu raha. Inamwokoa binamu ambaye angekuja na nguo ya ndani ndani ya boksi linalong'aa, akaifungua mbele ya mama mkwe. Zawadi ya namna hiyo ina usiku wake.

Kama mnataka sherehe iwe ya ghafla, bibi harusi asijue, neno hilo liwe mstari wa kwanza kabisa wa kila toleo, na kikundi kipewe jina lisilohusu harusi. Lakini katika sherehe ya ukoo siipendekezi. Bibi harusi aliyetolewa kazini Nairobi kwa uongo, akafika Thika na vumbi la barabarani, ataketishwa hivyohivyo mbele ya mama mkwe. Afadhali ajue siku, asijue michezo.

Toleo la tatu ni la wenye simu ndogo za mulika mwizi, ambao kadi ya picha haiwafikii. Ujumbe mmoja mfupi wa simu hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo unahesabiwa na kulipiwa kama ujumbe wa pili. Huu unaenea:

"Mama, karibu kicheni pati ya Wairimu, Jumamosi 12 Sept saa nane mchana, kwangu Ngoingwa. Kona yako ni UNGA. Nijibu kufikia Jumapili 30 Agosti. Ni mimi, tata."

Habari ya jina haikuenea humo. Kwa hao, tata apige simu wiki ya sherehe na kuwaeleza kwa mdomo, na hapohapo awaulize kama wana namna ya kufika. Anayetoka Ruiru atapanda gari la Thika kwenye barabara kuu, na mjini Thika achukue gari la Ngoingwa. Andika jina la kituo cha kushukia na alama inayoonekana, kama kanisa, shule au geti la rangi fulani. Pini ya ramani inamfaa mwenye gari. Shosho anahitaji kijana wa kumsubiri kituoni.

Maneno ya pesa

Mgeni akisoma "mchango" na "zawadi" katika sentensi moja, atalipa kimoja na kuamini amemaliza. Vitenganishe. Kina mama wa upande wa bwana harusi wasiombwe mchango kabisa; hao ni wageni. Wanaochangia chakula, viti na tenti ni wenyeji, yaani ukoo wa bibi harusi na chama chao, nao wapate ujumbe wao pekee:

"Ndugu zetu, chakula na tenti vya tarehe 12 ni juu yetu sisi wenyeji. Tumekubaliana shilingi 1,000 kila mmoja, kufikia tarehe 1 Septemba. Tuma kwa M-Pesa kwa mweka hazina. Jina litakaloonekana ni hili hapa. Zawadi ni kando, na iwe ndogo. Asiyeweza mchango aje asaidie kupika Ijumaa jioni, ni sawa kabisa."

Kiasi ni chenu kukipanga. Muhimu ni jina la mpokeaji liandikwe jinsi linavyotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Mweka hazina anayejulikana kwa wote kama Mama Shiru lakini amesajiliwa kwa jina la ubatizo na la babake atawafanya watu kumi wasite na kupiga simu kuuliza. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake. Bila hiyo, binti asiye na kazi hatajitokeza, na atatoa sababu ya ugonjwa.

Mchezo wa kona nne

Sasa tufike kwenye michezo. Wa kwanza unatokana na zawadi. Gawa jiko mara nne: kona ya MOTO ni miiko, vishika sufuria, kisu na kibao cha kukatia, kona ya UNGA ni chekecheke, kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia, na bakuli la kukandia, kona ya CHAI ni birika, chujio, vikombe na mkebe wa majani, kona ya MEZA ni sahani, vijiko vya kupakulia, vitambaa na hotipoti, lakini hotipoti moja tu. Kwa wageni 28 kila kona inapata watu saba. Andika vyombo saba kwa kila orodha, na ukifika saba uifunge. Hapo ndipo zile chupa nne za chai zinapoishia. Wageni wa upande wa bwana harusi wasambaze katika kona zote nne, wawili wawili, ili wasikae kama kikundi cha kutazama.

Siku yenyewe, vyombo vinapokelewa mlangoni na kupelekwa kwenye meza ya kona yake, vikiwa vimefungwa. Bibi harusi anafungwa macho kwa leso. Kila kona inamletea vyombo viwili, kimoja kimoja, naye anavipapasa juu ya kitambaa na kutaja ni nini na kinafanya kazi gani. Akipata, mleta chombo anajitaja na kueleza kwa maneno machache anavyokitumia kwake: unga wa chapati anaukanda kwa maji ya moto au baridi, chai anatia majani kabla au baada ya maziwa. Akikosa, kona nzima inasimama na kumwambia pamoja. Vyombo vinane, kila kimoja dakika mbili, ni dakika 16, na ukiongeza vicheko ni 25.

Usivipitishe vyote 28. Hapo ndipo wengi hukosea. Kufikia cha 12 watu wameanza kutazama simu, na mwenye chombo kinachopapaswa mwisho hana msikilizaji. Vilivyobaki vifunguliwe wakati wa chai, bila sherehe. Kisu kisifungwe wala kisipapaswe. Kikabidhiwe wazi, mkono kwa mkono. Vya glasi pia vikae mezani, maana leso huteleza.

Mchezo wa jina

Huu ndio ningeutetea kuliko yote ukiniambia nichague mmoja. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama. Wanaofuata huchukua majina ya ndugu wa pande zote mbili. Kwa hiyo kila mwanamke aliyeketi hapo amebeba jina la mtu mwingine, na majina hayo yakipangwa ndiyo ramani ya ukoo ambao Wairimu anauingia.

Mlangoni, kila mgeni anapewa kikaratasi na kalamu. Anaandika jina lake, alipewa jina la nani, na jambo moja alilosikia kuhusu mtu huyo. Asiyependa kuandika atasema, na binti wa mlangoni ataandika. Anayeongoza huchagua vikaratasi kumi, sita vya upande wa bwana harusi na vinne vya nyumbani. Anasoma jambo tu, bila jina: "Nimepewa jina la shosho aliyeuza ndizi sokoni na hakuwahi kukopesha mtu." Bibi harusi ana nafasi tatu za kumtambua mwenyewe kati ya waliokaa. Akitambuliwa, au nafasi zikiisha, mama huyo anasimama, anataja jina lake na kusema kwa sauti ni nani kwa bwana harusi: "Mimi ni dada mdogo wa babake." Anza na vya upande ule, kwa kuwa hao ndio asiowajua. Mwisho wa vikaratasi kumi atakuwa ameshika wakwe sita kwa jina, kwa uso na kwa kisa.

Thika ni mji wa viwanda, na familia zake zimechanganyika. Mgeni Mkamba au Mluhya hatakuwa nje ya mchezo, kwa sababu swali ni jina lilitoka wapi. Mumbua na Nafula watasema walizaliwa wakati wa mvua, Nekesa atasema wakati wa mavuno. Shosho anayependa kusahihisha atasahihisha, na dakika hizo mwachie.

Kuna mipaka miwili. Wengine huugeuza mchezo huu mbele, wakamwuliza bibi harusi watoto wake wataitwa nani na watakuwa wangapi. Usifanye hivyo. Katika wanawake 28 hukosi mmoja aliyengoja mtoto miaka mingi au aliyepoteza, na bibi harusi mwenyewe huenda ana mtoto tayari. Swali linaloelekea nyuma linawaingiza wote. Linaloelekea mbele linamwumiza mtu mmoja asiyeweza kusema. La pili, kama upande mmoja umefiwa karibuni, mwulize kiongozi wa upande huo mapema ni jina gani lisisomwe.

Mchezo wa bei

Wa tatu ni wa kuamsha watu baada ya kula. Asubuhi ya siku ile, tuma mtu mmoja Soko la Madaraka mjini Thika, kisha apitie duka kubwa. Anunue vitu kumi: vitano vya sokoni, kama nyanya, vitunguu, sukuma wiki, ndizi za kupika na gorogoro moja ya njahi, na vitano vya dukani, kama unga wa chapati, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na chumvi. Vyote vinapangwa ndani ya kiondo mbele ya watu. Kila kundi la watu wanne linaandika jumla moja. Aliyekaribia jumla ya kweli bila kuizidi ndiye mshindi.

Ufundi uko katika makundi. Kila kundi liwe na shosho au mama mkubwa mmoja, binti mmoja wa kuandika, na angalau mtu mmoja wa upande wa bwana harusi. Wageni 28 wanatoa makundi saba, na wale wanane wanatosha. Mama atajua gorogoro ya njahi inaenda ngapi na imepanda tangu lini. Binti atajua bei ya mafuta kwenye rafu. Hakuna anayeweza kushinda peke yake, na hapo ndipo familia mbili zinapobishana kwa mara ya kwanza juu ya jambo lisilouma.

Yanayoharibu mchezo huu ni mawili. Moja, mnunuzi ananunua vyote duka kubwa kwa sababu kuna baridi ya feni, na wakubwa wanabaki kutazama. Pili, anafika sokoni bila kalamu. Muuza nyanya hatoi risiti, kwa hiyo bei iandikwe hapohapo kwenye kibanda, la sivyo mshindi atapingwa na hutakuwa na la kuonyesha. Kiondo na vyote vilivyomo ni vya bibi harusi. Mshindi anapewa kitu kidogo cha kugawana, kama pakiti ya majani ya chai kwa kila mtu wa kundi.

Michezo mingine ya kawaida ina nafasi yake kama wakati upo. Kumshona bibi harusi gauni la karatasi ya msalani huchekesha kwa dakika kumi ndani ya nyumba, lakini chini ya tenti yenye upepo huishia kuwa kazi ya kuokota. Majibu ya bwana harusi yaliyorekodiwa kwa simu hupendeza iwapo maswali yalipitiwa na dada yake siku tano kabla, na yasihusu wapenzi wa zamani, pesa wala mwili.

Kuvipanga katika alasiri moja

Mmeandika saa nane; tarajia watu wengi saa tisa kasorobo. Ndiyo maana vikaratasi vya majina vinajazwa mlangoni, ili waliowahi wawe na shughuli. Saa tisa, maombi na utambulisho mfupi. Saa tisa na dakika kumi, kona nne. Saa tisa na dakika 35, chakula: mukimo, kuku, chapati. Saa kumi na robo, bei. Saa kumi na dakika 40, mchezo wa jina. Saa kumi na moja na dakika tano, mawaidha.

Jina linakaa kabla ya mawaidha kwa sababu maalumu. Kina mama wa pande zote wamekwisha kusimama, wamejitaja na wamesimulia habari za waliotangulia. Anayeanza kuzungumza na binti anamzungumzia mtu anayemjua. Mawaidha yatengewe nusu saa na wasemaji watatu walioombwa mapema: mmoja wa nyumbani, mmoja wa upande wa bwana harusi, na mmoja aliyeolewa miaka michache tu, ambaye bado anakumbuka mwaka wa kwanza. Mwambie kila mmoja ni dakika kumi. Simu zote zikae ndani ya kiondo kimoja mlangoni kwa nusu saa hiyo, nalo lisemwe katika ujumbe wa kukumbusha unaotumwa Ijumaa:

"Kesho ni kesho! Saa nane mchana (14:00), Ngoingwa. Chombo chako kimefungwa? Jina lako limetoka kwa nani? Wakati wa mawaidha simu zitapumzika, na hatutarekodi. Anayehitaji kusubiriwa kituoni aseme leo."

Neno "hatutarekodi" ndilo litakalomfanya mama wa miaka 60 aseme alilonalo kweli. Akihisi maneno yake yatakuwa kwenye kikundi cha watu 200 kabla hajafika Juja, atasema yale ya kadi za pongezi.

Kazi ya mwisho ni ya mtu mmoja mwenye daftari, anayeketi mlangoni tangu saa nane. Vyombo havina majina, kwa hiyo yeye anaandika kila kimoja kinapopokelewa: chombo, kona, aliyeleta, na jina la kituo au mtaa wake. Vile vikaratasi vya majina, vyote 28, vibandikwe katika daftari hilohilo, hata ambavyo havikusomwa. Wairimu akilichukua ana orodha ya kushukuru na ukoo wa mumewe kwa mwandiko wao wenyewe. Kabla ya wiki kuisha atume ujumbe kwa kila mmoja peke yake, akitaja chombo: "Mama, chujio lako nimeshalitumia leo asubuhi. Asante kwa kuja, na asante kwa habari za shosho." Wa upande wa bwana harusi awapigie simu, akianza na mama mkwe.